Ripoti ya maabara inapogoma kuwa bango: dalili, chanzo na tiba

Bango bovu halijifichi. Watu hulitupia jicho, husoma kichwa, kisha huendelea na safari yao. Kazi ngumu ni kujua kwa nini, kwa sababu dalili inayoonekana na chanzo chake mara nyingi havikai mahali pamoja. Herufi zikiwa ndogo, wengi hudhani tatizo ni herufi, wakazikuza, bango likafurika, wakazirudisha zilivyokuwa.

Hapa nitatumia kazi moja tu niliyomsaidia mwanafunzi kuirekebisha. Ripoti yake ilikuwa na kurasa tisa na maneno kama 2100. Jaribio lenyewe ni la kawaida: kuona jinsi jotoridi linavyobadilisha kasi ya amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Wanga na amilesi vilichanganywa kwenye testi tyubu katika nyuzi 20, 30, 40, 50, 60 na 70 za Selsiasi. Kila baada ya sekunde 30 tone lilitolewa na kuwekwa juu ya iodini kwenye kigae cheupe chenye vishimo. Tone likigeuka bluu iliyokoza, wanga bado upo. Likibaki na rangi ya kahawia ya iodini, wanga umekwisha, na muda huo unaandikwa. Kila jotoridi lilirudiwa mara tatu. Bango lilitakiwa kuwa la A1 la kulala, yaani milimita 841 kwa 594.

Dalili ya kwanza: mtu anasoma dakika nzima, kisha anauliza, "Kwa hiyo mlipata nini?"

Swali hili likija kutoka kwa mtu aliyesimama mbele ya bango, usilijibu kwa mdomo ukaishia hapo. Limekuonyesha kasoro.

Chanzo huwa ni mpangilio. Ripoti hufuata safari ya kazi: utangulizi, vifaa, njia, matokeo, mjadala, hitimisho. Mwalimu anayesahihisha anauhitaji mpangilio huo kwa sababu anakagua kama ulifanya kila hatua. Msomaji wa bango hakagui. Amesimama, ana mkoba begani, na jibu la swali lake umeliweka kona ya chini kulia, mahali ambapo mtu akisimama mbele yako halionekani kabisa.

Kichwa cha bango la kwanza kilikuwa "Uchunguzi wa athari za jotoridi katika utendaji wa kimeng'enya cha amilesi". Hakina kosa la lugha, ila kingeweza kuandikwa hata kabla ya jaribio kufanyika. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: kichwa ambacho kingeandikwa kabla hujaingia maabara hakijabeba tokeo. Tulikibadilisha kikawa "Amilesi ilivunja wanga haraka zaidi katika nyuzi 40 kuliko katika majotoridi mengine tuliyopima". Ni kirefu kidogo, lakini aliyekisoma akaondoka ameondoka na kitu.

Angalia maneno "tuliyopima". Hayapo kwa adabu, yanabeba mpaka wa dai. Jaribio liliruka kutoka 30 hadi 40 hadi 50, kwa hiyo haliwezi kusema kilele halisi ni 40. Kinaweza kuwa 37 au 44. Ripoti ilikuwa imeandika "jotoridi bora la amilesi ni nyuzi 40", na kwenye kurasa tisa sentensi hiyo ilipita bila kuulizwa. Kwenye bango, ikiwa imeandikwa kwa herufi za ukubwa wa kidole, mtu wa kwanza anayejua vimeng'enya ataishika.

Dalili ya pili: maandishi yamejaa na huoni cha kufuta

Bango la kwanza lilikuwa na maneno kama 1400. Lililochapwa mwisho lilikuwa na 240 hivi. Wanafunzi wengi hujaribu kufika huko kwa kufupisha kila aya kidogo kidogo, na ndiyo maana hawafiki. Aya iliyofupishwa bado ni aya. Afadhali uishike kila aya ya ripoti na kuiuliza: wewe utakuwa picha, utakuwa sentensi moja, utasemwa kwa mdomo, au utabaki kwenye ripoti?

Sehemu ya njia ndiyo inayotoa nafasi kubwa kuliko zote. Katika ripoti hii ilikuwa na maneno 380 pamoja na orodha ya vifaa. Orodha ilibaki kwenye ripoti. Hakuna aliyekuja kwenye bango kujua kwamba mlitumia saa ya kusimamisha. Maelezo ya kuchukua matone yakageuka picha moja: kigae cheupe kikiwa na safu ya matone ya jaribio la nyuzi 30, kutoka bluu iliyokoza kushoto hadi kahawia kulia, na chini ya kila tone sekunde zake: 30, 60, 90, 120, 150. Tone la 150 limezungushiwa duara, na pembeni pana maneno "wanga umekwisha". Picha hiyo ilifanya kazi ya maneno 200, na watu waliitazama kabla ya grafu.

Lakini kuna mambo ya njia ambayo lazima yabaki kwa maneno, na hapa wengi hukata kupita kiasi. Msomaji hawezi kuipima grafu bila kujua vitu viwili: kila jotoridi lilirudiwa mara ngapi, na tone lilichukuliwa kila baada ya muda gani. Vyote viwili vinaenea katika mstari mmoja: "Mara 3 kwa kila jotoridi, tone kila sekunde 30". Ukiufuta mstari huo upate nafasi, umefuta njia ya mtu kukuamini.

Utangulizi wa maneno 420 ulibaki sentensi mbili: amilesi huvunja wanga, na joto huongeza kasi yake mpaka linapoanza kuharibu umbo lake. Historia ya vimeng'enya yote ikaenda. Mjadala nao ukawa sentensi tatu chini ya grafu. Mwenye kazi aliumia kuona aya yake kuhusu makosa yanayoweza kutokea ikifutwa. Nilimwambia aitoe kwenye maandishi na kuiweka ndani ya grafu yenyewe, jambo linalotuleta kwenye sehemu iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote.

Dalili ya tatu: grafu ipo, lakini watu wanaisoma kinyume

Grafu ya ripoti ilikuwa na jotoridi kwenye mhimili wa chini na muda wa kumaliza wanga, kwa sekunde, kwenye mhimili wa wima. Umbo lake lilikuwa kama bakuli: juu, likashuka, likapanda tena. Watu watatu walioonyeshwa walidhani amilesi ilifanya kazi vibaya zaidi katika nyuzi 40, kwa sababu hapo ndipo mstari ulipokuwa chini.

Makosa si yao. Jicho la mtu husoma "juu" kama "zaidi". Ripoti inaweza kumudu grafu inayohitaji aya ya maelezo, kwa sababu aya ipo. Kwenye bango aya imeondoka, kwa hiyo grafu lazima iseme yenyewe. Tiba ni kugeuza muda kuwa kasi: gawanya 1000 kwa sekunde. Sekunde 100 zinakuwa 10, sekunde 200 zinakuwa 5. Namba 1000 haina maana ya pekee. Inaepusha tu desimali ndogo kama 0.005 kwenye mhimili. Baada ya kugeuza, bakuli likawa kilima, na kilele kikaonekana bila kuelekezwa.

Kugeuza huko kulifichua matatizo mawili ambayo muda ulikuwa umeyafunika.

La kwanza ni nyuzi 70. Jaribio lilisimamishwa baada ya dakika 10, na wanga bado ulikuwepo. Kwenye ripoti sehemu hiyo ilikuwa na kistari tu katika jedwali, na grafu iliishia 60. Mwanafunzi alitaka kuweka sifuri. Sifuri ingekuwa uongo, kwa sababu inasema kimeng'enya hakikufanya kazi kabisa, ilhali kinachojulikana ni kwamba hakikumaliza ndani ya sekunde 600. Kwa hesabu ya 1000 kugawanywa kwa 600, kasi ilikuwa chini ya 1.7, na tuliweka hapo pembetatu inayotazama chini yenye maneno "haukuisha ndani ya dakika 10". Kumwacha mtu aone pengo bila maelezo ni vibaya karibu sawa na kuweka sifuri. Atadhani umesahau, au umeficha.

La pili ni la hila zaidi. Vipimo vitatu vya nyuzi 40 vilikuwa 90, 90 na 90. Mkengeuko sanifu ukatoka sifuri, na programu ikachora nukta isiyo na mstari wa makosa. Ukiitazama, hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote kwenye grafu. Ukweli ni kwamba ndicho kisicho na uhakika zaidi.

Fuatilia hesabu. Tone lilichukuliwa kila sekunde 30. Tone la sekunde 60 lilikuwa bado bluu, la 90 lilikuwa kahawia. Wanga uliisha mahali fulani katikati. Kama uliisha mara tu baada ya sekunde ya 60, kasi ni karibu 16.7, kama uliisha sekunde ya 90, kasi ni 11.1. Pengo hilo ni kubwa. Katika nyuzi 60, ambako kipimo kimoja kilikuwa sekunde 390, sekunde 30 zilezile zinaleta tofauti ndogo tu, kati ya 2.6 na 2.8. Kadiri mmeng'enyo unavyokwenda haraka, ndivyo saa ya sekunde 30 inavyozidi kuwa butu. Vipimo vitatu kufanana havikuonyesha ustadi. Vilionyesha kwamba kipimio hakikuweza kuona tofauti.

Kwa hiyo tuliacha mkengeuko sanifu, tukachora kila nukta kwa wastani wa katikati za muda unaowezekana wa vipimo vitatu, na mstari wa makosa kutoka kasi ya chini kabisa hadi ya juu kabisa ambayo vipimo vitatu vinaruhusu. Nyuzi 40 ikapata mstari kutoka 11.1 hadi 16.7. Nyuzi 50, yenye vipimo 120, 120 na 150, ikapata kutoka 6.7 hadi 11.1. Mistari hiyo miwili inagusana kwenye ncha bila kupandana, na hapo ndipo tulipojua kwamba kichwa chetu cha bango kinasimama, ingawa kwa unywele. Kama ingepandana, ningemshauri abadilishe kichwa kabla ya kubadilisha grafu.

Hii ndiyo aya ya "makosa yanayoweza kutokea" aliyoililia. Sasa inaonekana, na chini ya grafu kuna maneno machache: "Mistari: kasi zote zinazowezekana kwa matone ya kila sekunde 30." Mstari wa makosa usioelezwa ni pambo. Mtu hawezi kujua kama ni mkengeuko sanifu, hitilafu sanifu au kitu kingine, na kila kimoja kina urefu wake.

Mapambo mengine yote tuliyaondoa: mistari ya gridi, fremu, rangi ya nyuma, kivuli, na kile kisanduku cha pembeni kilichosema "Series1". Jedwali la vipimo halikuingia kwenye bango. Grafu na jedwali la namba zilezile zikikaa pamoja, msomaji hupoteza muda akihakikisha kama zinafanana.

Dalili ya nne: kwenye kompyuta kila kitu kinasomeka, ukutani hakuna

Kompyuta inakudanganya kwa sababu wewe unakuza na kupunguza kila wakati bila kujitambua. Kuna jaribio rahisi lisilo na gharama: chapa bango zima kwenye karatasi ya A4 na ulishike kwa urefu wa mkono. Kutoka A1 kwenda A4 vipimo hupungua mara 2.8 hivi, kwa hiyo herufi za pointi 24 zinakuwa kama 8.5, sawa na maandishi madogo ya kitabu. Ukisoma kwa taabu hapo, mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ukutani atataabika pia. Kwa bango la A0 upungufu ni mara 4, na pointi 24 zinabaki 6.

Mara nyingi maandishi ya bango hufaulu jaribio hili na maandishi ya ndani ya grafu yakafeli. Sababu ni kwamba grafu ilitengenezwa kwa ajili ya ukurasa wa ripoti, ikanakiliwa kama picha, kisha ikavutwa kwa kona. Herufi hukua kwa kiasi kilekile picha ilichovutwa, na hakuna aliyechagua ukubwa wao. Afadhali uichore upya kwa ukubwa itakaokuwa nao ukutani. Hapo pointi 28 ni pointi 28 kweli. Kwa anayetumia Python, grafu yetu ilikuwa hivi, na vipimo vya `figsize` ni vya inchi, yaani karibu sentimita 36 kwa 25:

```python
import matplotlib.pyplot as plt

joto = [20, 30, 40, 50, 60]
kasi = [3.4, 6.9, 13.3, 8.7, 2.7]
chini = [0.4, 1.3, 2.2, 2.0, 0.3]
juu = [0.3, 1.4, 3.4, 2.4, 0.3]

plt.rcParams["font.size"] = 28
fig, ax = plt.subplots(figsize=(14, 10), layout="constrained")
ax.errorbar(joto, kasi, yerr=[chini, juu], fmt="o",
            markersize=14, capsize=8, elinewidth=3)
ax.plot(70, 1.7, "v", markersize=14)
ax.set_ylim(0, 18)
ax.spines[["top", "right"]].set_visible(False)
ax.set_xlabel("Jotoridi (°C)")
ax.set_ylabel("Kasi (1000 ÷ sekunde)")
fig.savefig("grafu.pdf")
```

Maneno ya pembetatu ya nyuzi 70 tuliyaandika baadaye, wakati wa kupanga bango. Nukta hatukuziunganisha kwa mstari. Mstari laini kupita nukta tano ungechora kilele ambacho hakuna aliyekipima.

Ukitumia Excel, kanuni ni ileile: panua grafu ndani ya Excel hadi sentimita unazotaka, kisha weka ukubwa wa herufi. Usivute picha yake baadaye.

Dalili ya tano: picha ina ukungu, au grafu ina miraba miraba kwenye kingo

Hii ni hesabu tupu. Picha ya kigae ilikuwa imetumwa kwa simu na kupunguzwa njiani hadi pikseli 500 kwa upana. Tulitaka ikae sentimita 20, sawa na inchi 7.9. Gawanya 500 kwa 7.9 upate kama pikseli 63 kwa inchi, na kwa bango linalosomwa kwa karibu mimi sishuki chini ya 150. Kukuza picha hakuongezi pikseli. Tuliomba faili halisi kutoka kwenye simu iliyopiga picha, ikaja na pikseli zaidi ya 3000.

Grafu haina haja ya hesabu hiyo ukiihifadhi kama PDF au SVG, kwa sababu mistari huhifadhiwa kama mistari na herufi kama herufi. PowerPoint hukubali SVG katika matoleo mapya. Kama lako halikubali, tumia PNG yenye pikseli za kutosha. Na kuna mtego mmoja humo: PowerPoint hubana picha unapohifadhi faili. Nenda `File > Options > Advanced`, tafuta `Image Size and Quality`, uweke alama kwenye `Do not compress images in file`. Fanya hivyo kabla ya kuingiza picha. Iliyokwisha kubanwa hairudi, inabidi kuingizwa upya.

Dalili ya sita: bango lililochapwa si lile lililokuwa kwenye skrini

Vyanzo viwili vinatosha kueleza visa vingi. Cha kwanza ni kupeleka faili la PowerPoint badala ya PDF. Mashine ya mchapaji ikikosa fonti yako, huweka nyingine, mistari hukatika pasipotakiwa na sentensi ya mwisho hutoka nje ya kisanduku. Cha pili ni ukubwa wa ukurasa kuwekwa mwishoni. Ukipanga kila kitu kwenye slaidi ya kawaida kisha ukaibadilisha kuwa A1, uwiano wa pande unabadilika na kila kitu kinasogea. Weka 84.1 kwa 59.4 sentimita kwenye `Design > Slide Size > Custom Slide Size` kabla hujaandika neno la kwanza.

Rangi nazo hufifia kidogo, hasa bluu na kijani zinazong'aa, kwa kuwa wino hauwezi kutoa kila rangi inayotolewa na skrini. Kwetu hilo lingeweza kuwa baya, maana picha ya kigae ilitegemea bluu na kahawia. Ndiyo sababu ya sekunde na duara chini ya matone: hata mtu asiyeona tofauti ya rangi anajua lipi lilikuwa la mwisho. Tulichapa kipande cha picha hiyo peke yake kwanza. Tone la sekunde 120 lilitoka jeusi kidogo kuliko kwenye skrini, lakini lilitofautiana na la 150, tukaruhusu bango zima liendelee.